Milioni 5 zizae mara mbili: akaunti ya muda maalum au hatifungani?

MamaNuru_Moro: Habari zenu wadau. Nina milioni 5. Benki wananipa asilimia 10 kwa mwaka kwenye akaunti ya muda maalum. Wakala wa hatifungani za serikali ananiambia asilimia 12. Nataka zifike milioni 10. Wapi zitafika haraka?

Kipanga: Dada, gawa 72 kwa riba, unapata miaka ya pesa kuwa mara mbili. 72 kwa 10 ni miaka 7 na ushee. 72 kwa 12 ni miaka 6. Hatifungani imeshinda, nenda kanunue.

Mzee_wa_Vitabu: Kipanga, polepole. MamaNuru, pesa unazihitaji lini? Hiyo 10 ni kabla au baada ya kodi? Na riba utaiacha ndani au utaila? Bila majibu hayo hiyo 72 itakudanganya.

Binti_Pemba: Mimi riba siigusi kabisa, kwangu ni haramu. Angalia sukuk, hatifungani za Kiislamu zisizo na riba.

MamaNuru_Moro: Nakuheshimu dada yangu, ila mimi naomba ulinganisho wa hizi mbili. Mzee, ni ada ya kidato cha kwanza ya mwanangu. Nina miaka 7. Kodi sikuuliza.

Mzee_wa_Vitabu: Basi tuhesabu. Riba ya akaunti ya muda maalum hukatwa kodi ya zuio asilimia 10, kwa hiyo 10 yako inabaki 9. Gawa 72 kwa 9, ni miaka 8. Wewe una 7. Ukiacha riba ndani kila mwaka, mwaka wa saba unakuta kama 9,140,000.

Sasa hatifungani. Hailimbikizi yenyewe. Kila miezi sita unaletewa kuponi, yaani malipo ya riba, kwako ni 300,000 (tuchukulie 12 haina kato lolote, hakikisha kwa wakala). Mara 14 ni 4,200,000. Ukiziweka kwenye droo bila kuzigusa, una 9,200,000. Umeona? Riba 12 iliyolala inakaribia kulingana na 9 inayozaa. Ile miaka 6 ya Kipanga inatimia tu kama kila kuponi unaizungusha kwa 12 hiyo hiyo. Na 300,000 haitoshi kununua hatifungani nyingine.

Kipanga: Sawa hapo nimekubali, nilidhani inajilimbikiza. Lakini kuponi anaweza kununulia vipande vya mfuko wa uwekezaji, vinapokea hata kiasi kidogo.

Mzee_wa_Vitabu: Hapo umenena. Ila faida ya vipande haina ahadi, inapanda na kushuka.

Dereva_Sgd: Naomba nisimulie yangu. Niliweka milioni 4 benki moja, asilimia 10, nikijua miaka 8 nina 8. Kwenye fomu kulikuwa na kisanduku cha maelekezo siku ya kuiva. Ofisa akaweka alama "mtaji uendelee, riba iende akaunti ya kawaida". Nikasaini bila kusoma. Kila mwaka 360,000 zikawa zinaingia akaunti ya kawaida, pale makato ya mwezi yanazitafuna, na kadi ninayo mfukoni, matairi, sikukuu, msiba. Mwaka wa nane naenda kwa furaha, mtaji ni milioni 4 ile ile. Hata kama nisingegusa senti, ingekuwa 6,880,000 kutoa makato, badala ya karibu 7,970,000. Iliniuma sana. MamaNuru, soma kile kisanduku. Mwambie "mtaji pamoja na riba".

MamaNuru_Moro: Pole sana kaka. Sikujua kama kuna maelekezo hayo.

Hesabu_Kali: Kwani kwa nini 72? Namba sahihi ni 69.3.

Mzee_wa_Vitabu: Hiyo ni ya riba inayolimbikizwa kila dakika. Kwa riba ya mwaka kati ya 6 na 10, 72 inakaa karibu sana, na inagawanyika kwa 2, 3, 4, 6, 8, 9, 12. Kwa asilimia 24 inakwambia miaka 3, kumbe mwaka wa tatu laki 1 imefika 190,600 tu.

Neema_Vikoba: Mimi nilikopa kausha damu, asilimia 10 kwa mwezi. Hiyo 72 inafanya kazi huko?

Mzee_wa_Vitabu: Inafanya, ila jibu linakuja kwa miezi. Usipolipa na riba ikaongezwa kwenye deni, miezi 7 na kidogo deni limekuwa mara mbili.

Neema_Vikoba: Mungu wangu. Nina miezi mitano.

Dereva_Sgd: Dada, tumia akiba yoyote uliyonayo ulipe hilo kwanza.

Kipanga: Hata bei hupanda kwa hesabu hiyo hiyo. Mfumuko ukiwa asilimia 4, ada inakuwa mara mbili miaka 18.

Hesabu_Kali: Ada za shule binafsi hazifuati mfumuko wa taifa.

MamaNuru_Moro: Hatifungani ikiwa ya miaka 20, mwaka wa saba natokaje?

Mzee_wa_Vitabu: Unaiuza sokoni kupitia dalali. Riba za hatifungani mpya zikiwa zimepanda, ya kwako itanunuliwa kwa bei ya chini. Wakala amekwambia ni ya miaka mingapi?

MamaNuru_Moro: Hakusema. Jumatatu namuuliza, na benki naenda kuiona ile fomu.

Neema_Vikoba: Mzee, naweza kukuandikia pembeni kuhusu deni langu?