Tupeane uzoefu: kamisheni imekuja pungufu, ukaomba uonyeshwe hesabu. Ilikuwaje?

Mzee wa Bati
Wakuu habari za jioni. Nipo Dodoma mjini, nauza bati na rangi kwa wenye maduka ya vifaa vya ujenzi kwa niaba ya msambazaji mmoja (jina naliacha). Barua yangu inasema "asilimia 3 ya mauzo", haisemi zaidi ya hapo. Mwezi uliopita daftari langu lina mauzo ya 23,600,000. Nikapiga hesabu nikaona 708,000, nikaanza hadi kumwahidi fundi wa choo. Simu ikalia: 342,000.

Nimemuuliza mhasibu, kajibu "hesabu ndiyo hiyo kaka". Waliowahi kupitia hili, mliombaje hadi mkaonyeshwa? Sitaki ugomvi, bado nazihitaji hizo bati.

Dada Kizota
Pole. Mimi ni wakala wa miamala ya simu pale Majengo, kamisheni yangu ilishuka ghafla mwezi wa nne. Nilipiga huduma kwa wateja wakaniambia viwango vimebadilika. Jaribu kupiga huduma kwa wateja.

Mzee wa Bati
Dada, huku hakuna huduma kwa wateja. Kuna mhasibu mmoja na feni.

Chuma cha Nkuhungu
Umeibiwa, nusu nzima imeliwa. Hapo wamekutolea VAT, na VAT haikuhusu wewe hata kidogo. Mteja kalipa 23.6, wewe chako ni asilimia 3 ya 23.6, basi. Usikubali.

Mama Hesabu
Chuma, taratibu. VAT si mapato ya duka, inapokelewa na kupelekwa TRA, kwa hiyo kampuni nyingi huhesabu kamisheni kwenye bei isiyo na VAT. Ulipo na haki ni hapa: barua haikusema, na jambo lisiloandikwa ndilo linalozua maneno. Lakini VAT peke yake haifiki nusu. 23,600,000 ukigawa kwa 1.18 unapata 20,000,000, na asilimia 3 yake ni 600,000. Kutoka 600,000 hadi 342,000 kuna kitu kingine.

Mzee wa Bati, walikutumia karatasi yoyote, au pesa tu?

Mzee wa Bati
Picha ya wasapu mama, mistari mitatu. "Kamisheni 360,000. Kodi ya zuio 18,000. Unalipwa 342,000." Hakuna mauzo, hakuna majina ya wateja.

Mama Hesabu
Hiyo inatosha kuanzia. Wamekuficha orodha, ila jibu lenyewe limebeba orodha ndani yake. Rudi nayo nyuma.

Zuio ni asilimia 5 ya 360,000, sawa, hapo hawajakosea. Sasa 360,000 ni asilimia 3 ya ngapi? Ni 12,000,000. Rudishia VAT, zidisha kwa 1.18, unapata 14,160,000. Maana yake wao wamekuhesabia mauzo ya 14,160,000 tu. Toa hiyo kwenye 23,600,000 yako, inabaki 9,440,000. Fungua daftari utafute invoisi zinazojumlishwa zikafika 9,440,000 kamili. Zikifika, umejua walichoacha, hata kabla hawajakuambia.

Na usiwaulize "mbona kidogo". Swali hilo hujibiwa "hesabu ndiyo hiyo" hadi Krismasi. Omba kitu kinachoonekana: kila invoisi, tarehe yake, mteja, kiasi bila VAT, na tarehe mteja alipolipa.

Kijana wa Bahi
Mimi yalinikuta kwenye viwanja. Mteja alikuwa akilipa kwa awamu, ofisi ikasema kamisheni inatoka pesa ikiingia, si mkataba ukisainiwa. Niliongea wee. Mwisho nikagundua awamu tatu zilikuwa zimeingia na sikuambiwa, kwa sababu mteja alilipa benki moja kwa moja. Risiti za benki alinionyesha yeye mwenyewe. Kwa hiyo usimsahau mteja, ana nakala ya kila kitu. Risiti ya EFD ina tarehe na kiasi, ipige picha.

Mzee wa Bati
Nimerudi, nina habari. Nilikaa na daftari usiku hadi umeme ukakatika, nikamalizia na tochi ya simu.

Invoisi mbili zinafika 9,440,000 kamili. Ya Mpwapwa 5,900,000, mzigo wa mkopo, mteja hajalipa. Na ya Kibaigwa 3,540,000, huyu kalipa siku ileile. Delivari yake ninayo, sehemu ya muuzaji kuna sahihi yangu. Niliwaandikia hivi:

"Shikamoo mama. Naomba kulinganisha kamisheni ya mwezi uliopita. Kwa hesabu yenu nimehesabiwa mauzo ya 14,160,000 pamoja na VAT. Kwangu kuna invoisi mbili hazimo: Mpwapwa 5,900,000 na Kibaigwa 3,540,000. Naomba orodha ya invoisi zilizotumika na tarehe zilizolipwa, ili kama nimekosea nirekebishe daftari. Nimeambatisha picha za delivari. Asante."

Kajibu ndani ya saa moja! Orodha kamili. Kibaigwa ipo, ila upande wa muuzaji imeandikwa "Ofisi", kwa sababu mteja alipiga simu ofisini kuongeza mzigo baada ya mimi kumtembelea.

Chuma cha Nkuhungu
Si nilisema. "Ofisi" haipandi basi la Kibaigwa.

Mama Hesabu
Hapa Chuma nakubaliana naye. Kibaigwa ni 3,000,000 bila VAT, kamisheni 90,000, toa zuio unapata 85,500 mkononi. Hiyo idai sasa. Mpwapwa ni 150,000 kabla ya zuio, nayo ndiyo watu huipoteza: ofisi inasema "mteja akilipa", mteja analipa baada ya miezi 2, hakuna anayekumbuka. Waandike kwenye karatasi ya mwezi ujao mstari wa invoisi zinazosubiri. Na hizo 18,000 omba hati ya kodi ya zuio, ndiyo inayoonyesha kwamba zimefika TRA kwa jina lako.

Wakili wa Mtaani
Mkikwama, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ofisi ipo hapo Dodoma. Dai la malipo ya kazi lina siku 60 tangu mgogoro ulipoanza, zikipita lazima uombe kuongezewa muda na sababu.

Mama Hesabu
Wakili, hiyo ni kama yeye ni mwajiriwa. Wamemkata zuio la asilimia 5 kama mtoa huduma, si kodi ya mshahara. Watasema yeye ni wakala wa kujitegemea, aende mahakamani kudai mkataba.

Wakili wa Mtaani
Wanaweza kusema. Lakini sheria ya taasisi za kazi inamdhania mtu kuwa mwajiriwa kama, kwa mfano, anapangiwa saa za kazi, au anawategemea wao kwa kipato. Mzee, unasaini kitabu asubuhi? Unauzia wengine pia?

Mzee wa Bati
Nasaini saa 2 kila siku. Rangi nachukua pia kwa mtu mwingine, kidogo.

Wakili wa Mtaani
Basi hapo watu wawili wanaweza kubishana vizuri tu. Hesabu siku zako, usisubiri.

Mzee wa Bati
Siku ya 11 leo. Mama mhasibu kasema Kibaigwa itaingia na malipo ya mwezi huu, nikamwomba aniandikie hivyo kwenye wasapu. Kaandika "sawa". VAT kwenye barua hawataki kuigusa, wanasema ndivyo ilivyo kwa wote. Mpwapwa naenda Jumanne mwenyewe, nikaone kama jamaa kashaanza kulipa.

Dada Kizota
Kwa hiyo hukupiga huduma kwa wateja?