Naomba ushauri: karatasi moja ya mwekezaji, namba zipi zikae juu?

Wakuu, habari za leo. Tuna biashara changa hapa Dar, tunawapelekea mama lishe wa Ilala na Temeke mboga na viungo toka Soko la Ilala kabla hakujapambazuka. Kuna mwekezaji anataka muhtasari wa ukurasa mmoja. Wa kwetu umejaa maneno, historia yetu imekula nusu ukurasa, kiasi tunachoomba kimejificha mstari wa mwisho.

Nimeanza kuufumua. Juu kabisa nataka kuweka: wateja 140 wanaolipa, mauzo ya mwezi yamepanda toka milioni 6 Januari hadi milioni 14 Juni. Lakini hiyo milioni 14 ni pesa inayopita tu. Kamisheni yetu ni asilimia 10, yaani milioni 1.4. Mwenzangu anasema tuandike 14 peke yake. Mimi naona mwekezaji akigundua kwenye vitabu, tumekwisha. Nafikiria kuziweka zote mbili, mstari mmoja.

Ukubwa wa soko nao: tulikuwa tumenakili mabilioni ya sekta nzima ya chakula. Sasa nahesabu kuanzia chini: mteja mmoja anatuingizia 120,000 kwa mwaka, tukifikisha 5,000 ni milioni 600. Inaonekana ndogo, sivyo?

Ombi: milioni 90 za miezi 18, kufikia wateja 1,000. Niliwekee kisanduku chake pale juu, au likae chini ya soko? Waliowahi kukaa mezani na wawekezaji, nisaidieni.