Tupeane uzoefu: asilimia ya faida inayodanganya kwenye mpango wa biashara

Mama Kitenge wa Moro:
Habari zenu wakuu. Nasaidia kikundi cha kina mama kuandaa mpango wa kuombea mkopo wa halmashauri. Wananunua kitenge 10,000, wanauza 13,000, wameandika faida asilimia 30. Ukurasa unaofuata mteja wa jumla anapewa punguzo la asilimia 20, nao wanaamini watabaki na 10, yaani buku. Nimepiga hesabu: asilimia 20 ya 13,000 ni 2,600. Inabaki 400, na nauli ya mzigo haijatoka! Nani yamemkuta?

Mhasibu Mstaafu:
Nimeyaona sana. Ile 3,000 ni asilimia 30 ya bei ya kununulia, ila kwenye bei ya kuuzia ni 23 tu. Punguzo linakatwa kwenye bei ya kuuzia, kwa hiyo na faida ipime hapohapo. Tazama na makadirio yao ya mauzo. Wakiandika mauzo ya 6,500,000 kwa mwezi kisha wakachukua asilimia 30, watapata faida ya 1,950,000. Lakini hivyo ni vitenge 500, kila kimoja 3,000, jumla 1,500,000. Hiyo 450,000 ya katikati haipo, na mara nyingi ndiyo wameshaipangia kodi ya fremu.

Dogo wa Duka:
Mbona rahisi, mimi naongeza asilimia 50 kwenye kila kitu, najua nusu ya mauzo ni yangu.

Mhasibu Mstaafu:
Theluthi, mdogo wangu. Cha 10,000 unauza 15,000, chako ni 5,000. Ukitaka asilimia 30 ya mauzo, gawanya bei ya kununulia kwa 0.7. Kitenge kinafika kama 14,300.

Binti Mbeya:
Kwani mkopo wa halmashauri riba yake ngapi siku hizi?

Mama Kitenge wa Moro:
Hauna riba, dada. Ila rejesho lipo.

Msambazaji Nafaka:
Hapo kwenye rejesho ndipo nilipo mimi. Napeleka mchele na maharage shule moja, wanalipa muhula ukiisha. Daftari linaonyesha faida kila mwezi, na ni ya kweli, ila droo haina kitu. Mwenye mali kauli anataka chake kwa wiki mbili. Rejesho la mkopo nalo halionekani kwenye hesabu ya faida, kwa sababu ni kurudisha mtaji wa watu, lakini linatoka mfukoni uleule. Waambie wachore jedwali la pili: wiki kwa wiki, hela inaingia lini, inatoka lini.

Mama Kitenge wa Moro:
Nitawachorea Jumamosi. Ila 14,300 wanaikataa, jirani zao wote wanauza 13,000.

Mhasibu Mstaafu:
Basi wapunguze punguzo. Kwa 13,000, asilimia 10 inawaachia 1,700 kabla ya nauli.

Dogo wa Duka:
Wa jumla hakubali 10, mzee. Anavuka barabara.