Betri za vihisi vya shambani zinakwisha kwa miezi miwili. Ninunue za aina gani?

MkulimaBondeni: Wakuu, habari za leo. Nina vihisi 40 vya unyevu wa udongo vinavyotuma vipimo kwa redio ya masafa marefu ya LoRaWAN hadi kwenye lango la kupokea mawimbi lililoko ghalani. Muuzaji aliniahidi miaka, lakini betri za 2,400 mAh zinakwisha kwa miezi miwili. Nimekwisha kuchagua betri kubwa mara mbili, naomba tu mnishauri aina.

MfugajiMtulivu: Mimi nilivifunga shingoni mwa ng'ombe nikawasha ADR, ule mpango wa seva kukipangia kila kifaa kasi ya kutuma. Mnyama akiteremka korongoni, kifaa kiliendelea na kasi kiliyopangiwa akiwa karibu na lango, na ujumbe ukapotea. Usiiwashe.

FundiAntena: Ndugu, vihisi vyako havitembei. Unatumia SF ipi, ile namba ambayo ikipanda ujumbe hufika mbali zaidi ila hukaa hewani muda mrefu, na unatuma kila baada ya dakika ngapi?

MkulimaBondeni: SF12 kwa vyote, kila dakika 5. Niliiweka kwa makusudi, maana cha nyuma ya kilima hakisikiki kwa SF ndogo.

BintiMfereji: Basi tatizo ni SF12 peke yake. Washa ADR, betri zitadumu.

HesabuKwanza: Samahani, kisa hiki kinaonekana cha kutungwa. Ujumbe wa baiti 10 kwa SF12 hukaa hewani kama sekunde 1.5. Ukituma mara 288 kwa siku, kwa mkondo wa 40 mA, unatumia chini ya 5 mAh. Betri ingevuka mwaka.

MkulimaBondeni: Sikutunga, mkuu. Kila ujumbe nimeuwekea sharti la kuthibitishwa na lango, na usipothibitishwa kihisi hurudia hadi mara 8. Sitaki kupoteza kipimo hata kimoja.

FundiAntena: Sasa hesabu imekubali: marudio 8 ni kama 38 mAh kwa siku, yaani siku 63. Vihisi 40 vikirudia hivyo vinahitaji sekunde 480 za hewani katika kila sekunde 300, kwenye chaneli chache, kwa hiyo vinagongana. Isitoshe, lango linapotuma uthibitisho halisikii wengine, na kila lisichokisikia kinarudiwa tena. Ondoa sharti hilo na utume kila dakika 30, kwani udongo haukauki kwa dakika 5. Kisha tazama `FCnt`, namba ya mfuatano ya kila ujumbe, kwenye seva: ikiruka kutoka 112 hadi 115, umepoteza jumbe mbili. Hapo ndipo ADR aliyoitaja dada itafaa, na vihisi vya karibu vitashuka SF. Antena iko wapi?

MkulimaBondeni: Ndani ya ghala, chini ya paa la bati. Nitaipandisha juu ya paa. Ila betri nimekwisha kuzilipia, na kihisi cha tangi nitakiachia uthibitisho.

FundiAntena: Kimoja hakina neno.

BintiMfereji: Na cha nyuma ya kilima je, antena ikipanda kisisikike?

FundiAntena: Asome SNR yake, yaani nguvu ya mawimbi ikilinganishwa na kelele, kwa siku kadhaa. SF12 hufika kikomo karibu na -20 dB. Ikibaki hapo, kila mvua au mazao marefu yatakinyamazisha, na betri kubwa haitasaidia. Atahitaji lango la pili upande ule.

MkulimaBondeni: Nitaanza na antena kesho, nirudi na namba hizo.