Kalvati la sentimita 60 limenifilisi, halafu naambiwa ni tabianchi

FundiWaNyalenda

Wanajukwaa, naandika nikiwa na hasira na sitaki mtu aniambie nipoe. Jumanne usiku maji yameingia kibandani kwangu hapa Nyalenda, Kisumu, mara ya tatu mwaka huu. Vitenge vya harusi ya watu, sare za watoto kumi na wawili, mota ya cherehani, vyote vililala topeni. Sare nimezifua mara mbili na bado zinanuka mtaro. Wenye harusi wanataka nguo zao Jumamosi.

Kilichonipandisha mori hasa ni afisa aliyefika Jumatano na buti safi, akapiga picha mbili, akaniambia, "Mama, hii ni tabianchi." Ofisi yake siitaji, mwenyewe anajijua.

Sawa, mvua zimebadilika, hilo hata bibi yangu analijua. Lakini njooni mwone. Barabara yetu ya juu iliwekwa kabro, na kando yake ukajengwa mtaro mpya wa zege, mpana, mtoto anaweza kusimama ndani asionekane. Tukapiga vigelegele. Huo mtaro unashuka hadi barabara kubwa, na pale chini unaingia kwenye kalvati lilelile la zamani. Nimeshuka na tepu yangu ya kushonea. Mdomo wa bomba ni sentimita 60. Ndani kuna mchanga na tope la sentimita 35. Iliyobaki ni 25. Mtu ameshona suruali, paja la mzee mnene, kifundo cha mguu cha mtoto mchanga. Nyumba yangu iko pale kwenye kifundo.

Na kuzibua walizibua! Vijana waliletwa Aprili, mvua ikiwa imeshaanza, wakachota tope na kulipanga vizuri ukingoni mwa mtaro. Siku ya tatu ikanyesha, tope likarudi nyumbani kwake. Wenye kandarasi wakawa wameshaondoka.

Ujumbe wa onyo niliupata, msinifundishe. Ulikuwa kwenye kundi letu la Watsapu tangu Jumatatu, kwa Kiingereza: mvua ya zaidi ya milimita 20 kwa saa 24, Bonde la Ziwa Viktoria na sehemu nyingine nusu ya nchi. Sasa mimi nifanye nini na hiyo? Nifunge duka kuanzia Kisumu hadi Busia?

Landlodi_Mpole

Pole mama. Ila tuseme ukweli, watu wenu wanatupa taka mitaroni. Chupa, nepi, maganda ya miwa. Mimi ploti yangu niliiinua kwa maram karibu nusu mita kabla ya kujenga, na sijawahi kuona tone sebuleni. Kila mtu angeinua yake, uzi huu usingekuwepo.

FundiWaNyalenda

Landlodi, taka zipo, sikatai. Lakini nilichochota kwa mikono yangu mle ndani ni mchanga wa maram. Chupa zilikuwa saba. Huo mchanga umetoka kwa nani kama si kwenu mnaoinua ploti? Na pale juu ulipojenga mama mmoja alikuwa akilima nduma. Nduma haioti jangwani.

Baba_Wawili

Hata mimi kwangu Manyatta maji machafu yanarudi kwa choo kila mvua ikinyesha. Nimepeleka malalamiko ya bili mara nne. Nani ana namba ya mtu wa bili?

FundiWaNyalenda

Baba, huu si uzi wa bili.

MzeeKipimo

Omera, mpeni Baba pole yake, shida yake ni ndugu wa hii. Mvua ikiingia kwenye bomba la majitaka kupitia mifuniko iliyovunjika, majitaka yanatafuta pa kutokea, na tundu la choo chake ndilo liko chini kuliko mengine.

Fundi, mimi nimesimamia kazi za mitaro miaka mingi kabla ya kustaafu. Nina swali moja. Jumanne ilinyesha kiasi gani, na kwa muda gani?

FundiWaNyalenda

Ilianza saa mbili usiku, saa tatu ikapungua. Kiasi sijui, sina mashine. Sufuria niliyoisahau nje ilikuwa na maji kama vidole viwili.

MzeeKipimo

Hiyo sufuria kuta zake zimesimama wima? Basi ni mashine tosha, mradi haikuwa chini ya ukingo wa paa. Pima hicho kina.

FundiWaNyalenda

Wima kabisa. Sentimita 4.

MzeeKipimo

Milimita 40 kwa saa moja. Tufanye hesabu taratibu. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Eneo linalomwaga maji kwenye mtaro wako, kwa jinsi ninavyoijua ile miteremko, tuseme ni hekta 10, kama viwanja 14 vya mpira. Zinazoanguka humo ni lita milioni 4. Enzi za nduma, nyingi zingekaa pale juu kwanza na kuteremka polepole usiku kucha. Sasa ni mabati, zege na kabro, na huu udongo wetu mweusi ukishalowa hufura na kujifunga. Kwa hiyo robo tatu inateremka mara moja, lita milioni 3 ndani ya saa moja. Hiyo ni kama lita 830 kila sekunde, tena ni wastani, maana mvua haigawi sawa. Dakika zake kumi kali zinazidi hapo.

Bomba la sentimita 60 likiwa safi, maji yakikimbia mita moja na nusu kwa sekunde, hupitisha kama lita 420. Lako, kwa tope la sentimita 35, limebaki na uwazi wa mbili ya tano tu. Halifiki lita 170.

Kwa hiyo umekasirika kwa haki, lakini kuna mahali umekosea kidogo. Ukidai wazibue, na wakazibua vizuri, bado litapitisha nusu ya kinachohitajika. Mtaro mpya ulikuongezea mafuriko: maji yaliyokuwa yakizurura kule juu sasa yanaletwa kwako kwa haraka, kwenye mdomo uleule. Aliyechora alianza juu. Mtaro huanza kuchorwa mwishoni, pale maji yanapotokea, ndipo unapanda nao mlimani.

ChiniYaDaraja

Subiri kwanza. Sisi tuko ng'ambo ya hilo kalvati, karibu na mto Auji. Mkiweka bomba kubwa, hizo lita 830 zinakwenda wapi? Kwetu! 2024 tulikaa na maji wiki nzima, mto umejaa, ziwa limepanda, hayakuwa na pa kwenda. Hilo kalvati dogo ndilo linatulinda, samahani Fundi.

MzeeKipimo

Hapo kuna hoja. Fundi, Jumanne ulitazama pande zote mbili za barabara?

FundiWaNyalenda

Nilivuka nikitafuta pipa langu. Upande wangu maji yalifika dirishani. Upande wa pili yalikuwa kwenye kifundo cha mguu.

MzeeKipimo

Basi Jumanne mkosaji ni kalvati. Juu yakijaa na chini yakawa kidogo, bomba ndilo limeziba njia. Lakini yakilingana pande zote mbili, kama anavyosimulia ChiniYaDaraja, kizuizi kiko mbele zaidi, mtoni au ziwani, na hapo hata uweke bomba la sentimita 90, maji hayatembei. Ni mafuriko mawili tofauti mahali pamoja. Ripoti zetu zote huandika neno moja, "mafuriko", kisha dawa inatolewa bila kupima mgonjwa.

Kwa hiyo bomba kubwa peke yake silipendekezi. Lazima kule juu pabaki pa maji kupumzikia, na kando ya mto pasijengwe. Kanuni za maji zinaweka ukingo wa mto kati ya mita 6 na 30 kila upande, kulingana na mto wenyewe. Idhini ya kujenga nayo hutolewa na kaunti. Anayepitisha ramani ndiye anayeamua lita.

Landlodi_Mpole

Ramani yangu ilipitishwa na mihuri yote ninayo. Mkitaka kuniita mhalifu leteni sheria, siyo sufuria.

FundiWaNyalenda

Muhuri haunyonyi maji, landlodi.

MtuWaBunyala

Huku Budalang'i sisi tumezoea, tuta la Nzoia likipasuka hata mtoto anajua pa kukimbilia. Mnachokosa ni kipimo mtoni kama chetu cha Rwambwa. Wekeni kipimo, mtapata onyo siku moja kabla, maneno yaishe.

MzeeKipimo

Nyinyi mna bahati moja katika balaa lenu. Nzoia inatoka mbali, Cherangani na Elgon, mvua ya kule huchukua zaidi ya siku kuwafikia. Auji ni kijito, maji ya vilima vya Kajulu yanaweza kufika mjini kabla ugali haujaiva. Kipimo peke yake kitamwambia Fundi kwamba ameshalowa.

Kwetu huku onyo ni ngazi mbili. Utabiri wa siku chache unakuambia wiki hii usilaze mota sakafuni, na unamwambia mwenye tingatinga akazibue leo na tope alibebe kabisa. Halafu kuna mtu kule juu: alama ya rangi nyekundu kwenye nguzo ya daraja, maji yakiigusa anapiga simu tano, kwa Dholuo na Kiswahili, akitaja mitaa. Nusu saa inatosha kuinua mota. Haitoshi kuhamisha mgonjwa, huyo anahamishwa kwa ule utabiri wa kwanza.

FundiWaNyalenda

Na hilo kalvati ni la nani? Afisa wa buti anasema barabara ni ya mamlaka ya kitaifa. Wa mamlaka anasema maji ya mvua ya mji si yake.

MzeeKipimo

Wote wawili wana nusu ya ukweli, ndiyo maana wanalala usingizi. Jedwali la Nne la Katiba linaipa kaunti mifumo ya maji ya mvua kwenye maeneo yaliyojengwa, na majanga pia. Bomba lililo chini ya barabara ni la mwenye barabara. Barua ziende kwa wote wawili siku moja, kila mmoja aone nakala ya mwenzake. Na muda usikupite: makadirio ya bajeti ya kaunti yanafika bungeni kwao kabla ya tarehe 30 Aprili, mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Ukilia Mei, unalilia pesa za mwaka unaofuata huo. Kwenye kikao cha wadi usiseme "tunateseka". Sema 830 kwa 170, uwaonyeshe picha ya tepu.

ChiniYaDaraja

Na mimi nitakuwa kikao hichohicho kupinga bomba kubwa mpaka wanionyeshe maji yatakaa wapi.

FundiWaNyalenda

Njoo. Afadhali tugombane mbele yao kuliko hapa. Jumapili nashuka na tepu kupima kalvati la pili kule juu, kama kuna kijana wa kunishikia tochi.

Landlodi_Mpole

Hilo la pili liko mbele ya geti langu. Piga simu kwanza, kuna mbwa.