Naomba ushauri: ruti ya Kisumu hadi Busia na Bungoma

Habari zenu wadau. Nauza dawa za mifugo na mbegu kwa maduka ya agroveti, makao yangu ni Kisumu, na nasafiri kwa matatu. Miji ni mingi, siku ni chache.

Nimeacha kurudi Kisumu kila jioni. Sasa nashika upande mmoja: natoka asubuhi, napitia Chavakali na Kakamega, naendelea Webuye, nalala Bungoma. Kesho yake narudi kupitia Mumias, kwa hiyo sipiti barabara moja mara mbili. Siku nyingine ni Luanda, Yala, Ugunja hadi Busia. Hapo naanzia Busia kabisa, kisha nashuka duka baada ya duka nikirudi nyumbani; jioni ikinikuta njiani, niko karibu na Kisumu.

Siku ya soko naikwepa. Mwenye duka ana wateja foleni, anakujibu huku akipima mbegu, na oda hatoi.

Kinachonisumbua ni Siaya mjini. Ni lazima nichepuke kutoka barabara ya Busia, na gari la kurudi husubiri lijae. Maduka ya huko yanaagiza kidogo, lakini yanalipa kwa wakati, na mvua za Machi zikikaribia oda zao za mbegu hupanda sana.

Je, niyatembelee kabla ya msimu tu, na miezi mingine nichukue oda kwa simu? Nahofia mshindani atajaza rafu nikiwa sionekani. Waliowahi kufanya hivi, mliwashikaje wateja wenu?