Nafanya shifti ya usiku, dawa zimeandikwa "asubuhi". Asubuhi ipi?

Soja wa Likoni
Salaam nyote. Mimi ni soja, nalinda godauni huko Shimanzi, kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi kumi na mbili asubuhi. Nafanya siku nne, napumzika mbili. Nina miaka 52, nina sukari na presha. Kliniki hunipa glibenklamidi ya 5 moja asubuhi, metfomini ya 500 asubuhi na jioni, amlodipini moja asubuhi, na kile kidonge cha mkojo kimoja asubuhi.

Nikishavuka feri nafika nyumbani saa moja unusu. Nakunywa chai, mahamri mawili na mbaazi, nameza vyote vinne, nalala. Sasa Jumatano iliyopita mke wangu alikuja kuniamsha niswali Adhuhuri, akanikuta shuka imelowa chapachapa na naongea maneno hayashikani. Alidhani ni joto, maana stima ilikuwa imepotea na feni imekufa. Aliponishika mkono akaona ni baridi na unatetemeka. Akachukua mashine ya sukari, ikasoma 2.9. Akakoroga sukari kwenye maji, nikanywa, nikarudi duniani.

Hata siku ambazo hayo hayatokei, usingizi wenyewe naamka mara tatu kwenda chooni. Swali langu: hiyo "asubuhi" ni ya jua, au ni ya mimi ninapoamka? Tarehe yangu ya kliniki ni mwezi ujao.

Bin Mvita
Asubuhi yako ni unapoamka, bwana, hilo halina mjadala. Umekunywa leo saa moja? Basi ukiamka jioni anza mpango mpya hapo hapo, meza vyote. Na dawa ya presha inajulikana hufanya kazi vizuri ikinywewa usiku, kwa hiyo wewe una bahati.

Mama Zuhura
Pole kaka. Kulala mchana kunatesa, hasa na joto hili letu na watoto wa jirani. Jaribu majani ya mlonge, kikombe kimoja kabla ya kulala, utalala fofofo. Na weka pazia jeusi.

Mfamasia wa Kongowea
Soja, kwanza mshukuru mkeo. Jasho katikati ya usingizi hapa Mombasa kila mtu huliita joto. Jasho la joto huja na ngozi moto. Lako lilikuja na mkono baridi, kutetemeka na maneno kuchanganyika. Hiyo ni sukari iliyoshuka, na chini ya 4 ni ya kutibiwa hapo hapo: vijiko vitatu vinne vya chai vya sukari kwenye maji, pima tena baada ya dakika kumi na tano, kisha ule chakula. Mtu akiwa hawezi kumeza, asimiminiwe chochote mdomoni, apelekwe hospitali.

Bin Mvita, umepata nusu. Nusu ya pili ingemuua mwenzetu. Amemeza glibenklamidi saa moja asubuhi, unamwambia aimeze tena jioni ya siku ile ile? Dawa hiyo hukamua kongosho itoe insulini, uwe umekula au hujala, na nguvu yake yaweza kukaa mwilini siku nzima. Ndiyo iliyomwangusha: alikula mahamri mawili, akaimeza, kisha akalala hadi Adhuhuri bila kutia kitu tumboni. Tatizo si jua. Dawa hiyo hufuata chakula, na baada yake mtu anatakiwa awe macho na awe na mlo mwingine mbele yake.

Mambo haya tunayajua tangu zamani kwa sababu ya Ramadhani. Mwenye kidonge hicho cha mara moja hatukiweki daku akashinde na njaa, tunakihamishia futari. Soja yeye amefunga mchana kila siku, ila amefunga akiwa amelala.

Mama Zuhura, hajasema hapati usingizi. Na mlonge unaweza kushusha sukari zaidi, huyu asiuguse kwa sasa.

Dada wa Mapokezi
Mie nafanya usiku hotelini Nyali, nina dawa ya tezi ya shingo ya kumeza tumbo tupu. Nilikuwa nafuata kuamka kama alivyosema Bin Mvita. Siku za kazi sawa, lakini siku za mapumziko nikiamka alfajiri najikuta nimeruka saa nyingi au nimerundika. Soja ana siku mbili kila baada ya nne za kazi. Atafanyaje hizo?

Mfamasia wa Kongowea
Hapo ndipo penyewe. Soja, unaamka saa ngapi, na unakula nini?

Soja wa Likoni
Saa nane mchana. Nakula wali au ugali na samaki, hicho ndicho chakula changu kikubwa. Saa sita usiku nina chapati kazini, nikikumbuka kubeba.

Mfamasia wa Kongowea
Basi saa nane ndiyo nanga yako. Siku ya kazi umeamka na una sahani mbele yako, siku ya mapumziko ni chakula cha mchana cha kawaida. Saa haibadiliki kamwe. Nenda kliniki kesho, usingoje mwezi ujao, uwape mpango huu wauidhinishe: glibenklamidi na chakula cha saa nane. Metfomini moja na hicho hicho, ya pili na chakula cha usiku. Yenyewe peke yake ni nadra kushusha sukari namna hiyo, ila tumbo huchafuka ukiimeza bila kula. Chapati ya saa sita sasa si ya kukumbuka, ni sehemu ya dawa.

Kuhama kufanyike siku ya mapumziko. Asubuhi hiyo glibenklamidi usiimeze, ngoja saa nane. Sukari itapanda kidogo asubuhi moja, hiyo si kitu ukilinganisha na 2.9.

Amlodipini iache ilipo, saa moja unusu. Inakaa mwilini muda mrefu, inachotaka ni saa isiyoyumba. Hili la presha kunywewa usiku lilipimwa Uingereza kwa watu zaidi ya 21,000, majibu yakatoka 2022: asubuhi au jioni, mshtuko wa moyo na kiharusi vilikuwa sawa tu. Kidonge cha mkojo ndicho cha kuondoa kabla ya usingizi, nacho kihamie saa nane.

Waombe pia wapime figo. Zikiwa zimechoka, glibenklamidi hurundikana, na pengine wataibadilisha kabisa. Mimi binafsi kwa mtu wa shifti siipendi.

Dada, ya tezi ni habari nyingine. Chagua wakati mmoja ambao tumbo huwa tupu siku zote, hata ikiwa ni saa tatu baada ya mlo wa mwisho, ubaki nao.

Bin Mvita
Nimekubali la glibenklamidi. La presha bado nitamuuliza daktari wangu.

Soja wa Likoni (siku tisa baadaye)
Nimerudi. Kliniki wamekubali saa nane, wamechukua damu ya figo, majibu Ijumaa. Mke wangu ameandika kila kitu kwenye daftari la mtoto: kabla ya kulala 7.8, 8.3, 7.1, nikiamka 6.2, 6.6, 5.9. Siku moja niliamka na 4.3, na kweli usiku huo chapati niliisahau kwenye matatu.

Mkojo mchana umeisha, nalala moja kwa moja. Ila kidonge kile cha mkojo nikikimeza saa nane kinanibana saa kumi na moja, na saa hiyo niko katikati ya feri na watu wamejaa hadi ukingoni. Nikakisogeze hadi nifike kazini, kule choo kipo?

Mfamasia wa Kongowea
Siku za kazi sioni ubaya, saa nne hizo hazimdhuru mtu kwa kidonge hicho. Siku za mapumziko kirudi saa nane, la sivyo utaamka usiku. Lakini waambie kliniki Ijumaa, na usinywe maji machache kwa kuogopa feri.